Simu ya Wizi Mfukoni: Nani Athibitishe?

Simu imeibwa Jumatatu, Jumatano imekutwa mfukoni mwa Juma. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kosa bila kuacha shaka ya msingi. Lakini mahakama za Tanzania hutumia kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni: mwenye simu akiitambua kwa hakika, Juma hutakiwa kueleza ameipataje. Hapo mzigo huonekana kumhamia kimyakimya. Hata hivyo, hana haja ya kuthibitisha kwamba aliinunua. Maelezo yanayoweza kuwa kweli yanatosha kuleta shaka. Katika kesi ya madai, mwenye simu hushinda ushahidi wake ukizidi uzito tu. Ukikutwa na mali ya mkononi, toa maelezo mapema, na tunza risiti.