Pikapu ya dizeli na baridi ya Kinangop: Shida huenda si betri

Ukitaka kujua kama dereva wa Njabini anaiamini injini yake, angalia ameegesha wapi usiku. Anayeiamini huingiza pikapu kwenye boma na kufunga geti. Asiyeiamini huiacha barabarani, pua ikielekea mteremkoni, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi anaondoa jiwe, anaingiza gia ya pili, anakanyaga klachi na kuiacha gari iteremke. Anaachilia klachi, gari linatetemeka, moshi mweupe unafunika kijiji, injini inashika. Safari ya kupeleka kabeji Nairobi inaanza.

Ukimwuliza, atakwambia betri imechoka. Mara nyingi si betri. Ni vipande vinne vya chuma, kila kimoja kikiwa kama kalamu fupi, vilivyojificha kwenye hedi ya injini. Mafundi wetu huviita hita plagi, na wengine glo plagi.

Tuanze na kinachofanyika ndani. Injini ya petroli ina spaki plagi, inayopiga cheche ili mafuta yawake. Ya dizeli haina cheche. Inategemea jambo ambalo kila mtu aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono analijua: hewa ukiibana, inapata joto. Ushike mwisho wa pampu baada ya kuisukuma mara ishirini utaelewa. Injini ya dizeli inaibana hewa kwa nguvu kiasi kwamba mafuta yakinyunyiziwa ndani yanawaka yenyewe.

Tuchukue injini ambayo mafundi wengi Kenya wanaijua hata gizani, 5L ya Toyota, ile ya lita tatu iliyowekwa kwenye Hilux na Hiace. Pistoni ikipanda, inaibana hewa hadi inabaki karibu sehemu moja ya ishirini na mbili ya nafasi iliyokuwa nayo. Kama hewa iliingia ikiwa na nyuzi 10 za Selsiasi, asubuhi ya kawaida Kinangop mwezi wa Julai, hesabu ya karatasini inasema itafika takriban nyuzi 700. Dizeli huwaka bila cheche kwenye nyuzi zisizofika 300. Kwa hivyo, kwenye karatasi, hakuna shida kabisa.

Lakini karatasi haina chuma baridi. Usiku kucha hedi, pistoni na kuta za silinda zimepoa, na hewa inapopata joto, chuma hicho kinalinyonya papo hapo. Halafu kuna suala la mwendo. Injini iliyokwisha kushika, ikinguruma polepole kwenye mizunguko 750 kwa dakika, inamaliza kuibana hewa kwa sekunde 0.04. Stata ikiizungusha asubuhi, oili ikiwa nzito na betri ikiwa baridi, huenda ikapata mizunguko 150 tu. Hapo kuibana hewa kunachukua sekunde 0.2. Yaani joto lina muda mara tano zaidi wa kutorokea kwenye chuma, na hewa yenyewe ina muda wa kupenya kando ya ringi za pistoni, hasa kama zimelika.

Ukirudia hesabu ukiweka hasara hizo, zile nyuzi 700 zinashuka hadi kwenye 340 hivi. Utasema, si bado ni juu ya 300? Ni kweli, ila mafuta nayo ni baridi. Lazima kwanza yageuke mvuke, yachanganyike na hewa, ndipo yawake, na yote hayo yatokee kabla pistoni haijaanza kushuka na hewa kupoa tena. Kwenye joto la kubahatisha namna hiyo, muda unaisha kabla ya moto. Mafuta yanatoka kwenye bomba yakiwa mvuke mweupe unaonuka dizeli mbichi. Moshi huo ni taarifa muhimu, na tutaurudia.

Sasa unaelewa kwa nini mteremko unasaidia. Gari likiteremka kwa mwendo wa mtu anayekimbia mchakamchaka, gia ya pili inaizungusha injini haraka kuliko stata inavyoweza. Joto linakosa muda wa kutoroka. Dereva wa Njabini hajatengeneza chochote, amepunguza tu wizi wa joto. (Mwenye gari la otomatiki hana hata njia hiyo.)

5L ina udhaifu mwingine wa kuzaliwa nao. Mafuta hayanyunyiziwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, na hewa hulazimika kupenya kwenye tundu jembamba kuingia humo. Chumba hicho kinafanya injini iwe tulivu na mvumilivu wa mafuta ya kila aina, lakini kimezungukwa na chuma pande zote, na chuma baridi ni mwizi wa joto. Ndiyo maana injini za aina hii zinahitaji msaada hata mahali ambapo wewe ungevaa fulana tu.

Msaada wenyewe ndiyo hita plagi. Kila silinda ina yake, na ncha yake imeingia ndani ya kile chumba kidogo. Ukigeuza ufunguo kabla ya kupiga stata, umeme wa betri unapita kwenye waya uliojikunja ndani ya ncha, nao unakuwa mwekundu, hadi nyuzi 800 au zaidi. Plagi haihitaji kuipasha injini nzima. Inatengeneza doa moja lenye moto wa uhakika, na mafuta yanayopita karibu nalo yanawaka na kuwasha mengine. Ile alama ya manjano ya waya uliojikunja kwenye dashibodi ndiyo inayokuomba usubiri.

Injini kubwa zaidi zina njia nyingine. Kwenye injini kadhaa za Kamins za silinda sita, mafuta yananyunyiziwa moja kwa moja juu ya pistoni na hakuna hita plagi. Badala yake kuna hita kwenye njia ya hewa, kama koili ya jiko la umeme, inayopasha hewa kabla haijaingia. Inakula zaidi ya ampea 100, ndiyo maana utaona taa za lori zikififia. Lakini faida yake ni tamu. Ukiipandisha hewa inayoingia kutoka nyuzi 10 hadi 40, ikishabanwa haiongezeki 30 tu, inaongezeka zaidi ya 60, kwa sababu kubana kunazidisha joto ulilolileta.

Turudi Njabini, na tuseme kijana amenunua pikapu ya 5L Mombasa. Ameijaribu saa nane mchana, imeshika mara moja. Ameiendesha hadi nyumbani bila kikohozi. Asubuhi ya kwanza, inazunguka tu bila kushika. Muuzaji huenda hata hakujua. Kule pwani hewa inaingia ikiwa na nyuzi 27 au zaidi, chuma hakijapoa sana, na plagi moja au mbili nzima zinatosha kuificha aibu ya zilizokufa. Huku juu, kwenye takriban mita 2,500, baridi imeongezeka na hewa yenyewe ni nyepesi, shinikizo lake likiwa karibu robo tatu ya lile la baharini. Injini ile ile, plagi zile zile, lakini sasa deni limeitishwa.

Hapa ndipo pesa za hasla hupotea. Fundi wa kwanza anamuuzia betri mpya. Stata inazunguka kwa kasi kidogo, gari linashika siku mbili, la tatu linakataa. Fundi wa pili anaona moshi mweupe na kutaka kufungua pampu na nozeli, kazi inayoweza kumeza faida ya miezi.

Kabla hajafika huko, ishara zilikuwa wazi. Gari linashika vizuri mchana na kukataa alfajiri: pampu mbovu haichagui saa hivyo. Linapozunguka, moshi mweupe unatoka: maana yake mafuta yanafika, kinachokosekana ni moto. Na likishashika linatetemeka kama lina silinda tatu, kisha baada ya dakika moja linatulia: silinda iliyolala imepata joto na kuamka.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Juu ya plagi zote nne kuna bati jembamba linaloziunganisha. Mwambie mtu ageuze ufunguo bila kupiga stata, nawe upime umeme kwenye bati hilo kwa mita. Kama hakuna umeme, plagi hazina hatia, tafuta fyuzi au rilei. Kama umeme upo, zima, chomoa waya wa betri, fungua nati na uondoe bati kabisa. Usipoliondoa, plagi moja nzima itakufanya udhani zote ni nzima. Kisha pima kila plagi, kutoka kichwa chake hadi mwili wa injini, mita ikiwa kwenye omu. Nzima husoma namba ndogo sana, kwa kawaida omu moja au chini. Mita ikiandika `OL`, waya ndani umekatika. Kwenye pikapu ya kijana wetu, tatu kati ya nne zilisoma hivyo.

Na ile taa ya dashibodi? Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo ni saa tu. Inahesabu sekunde zake na kuzima, hata kama plagi zote nne ni maiti. Usiichukulie kama ushahidi.

Kubadilisha kunahitaji subira. Plagi iliyokaa miaka mingi hushikwa na kutu na masizi, na ukiilazimisha inakatikia ndani ya hedi, hapo kazi rahisi inageuka kuwa ya kufungua hedi. Injini iwe na joto, nyunyizia oili ya kulegeza kutu, zungusha kidogo mbele na nyuma. Nunua zenye volti sawa na zilizotoka, kwa sababu Toyota imetumia zaidi ya aina moja na zenye volti ndogo zikipewa umeme wote zinaungua mapema.

Kitu kimoja nakikataa kabisa: ule mkebe wa kupulizia etha kwenye njia ya hewa. Ni kweli unawasha gari. Lakini etha huwaka mapema mno, na ikikutana na hita plagi nyekundu inaweza kulipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Pistoni hupasuka, ringi huvunjika.

Kama unatafuta pikapu ya dizeli, basi, usikubali kuijaribu mchana. Fika kabla ya muuzaji hajanywa chai, na kabla hujamwomba ufunguo, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na vuguvugu, mwambie utarudi kesho.