Pengo la Mshahara wa Soja

Katika masoko madogo ya Khwisero, kaunti ya Kakamega, safu ya maduka mara nyingi hufuatwa kwa nyuma na kichochoro cha nyumba za kupanga, na mlinzi mmoja wa usiku, ambaye wakazi humwita soja, hulinda pande zote mbili kwa mshahara unaochangwa na wote. Huduma yake ni kile ambacho wanauchumi hukiita bidhaa ya umma, yaani kitu ambacho mtu hawezi kuzuiwa kukifaidi hata asipokilipia, kwa kuwa filimbi inayomfukuza mwizi mlangoni kwa aliyelipa humfukuza pia mlangoni kwa jirani yake. Mapatano ya kuchanga sawa kwa sawa huacha swali moja bila jibu, nalo ni nani atakayebeba pengo pindi baadhi ya nyumba zikishindwa. Pasipo jibu, pengo humwangukia soja mwenyewe: mkusanyaji humkabidhi kilichopatikana, humwahidi kilichobaki, na hivyo mtu ambaye huenda ndiye maskini kuliko waajiri wake wote huwa mkopeshaji wao.

Chukuliwe mfano wa nyumba 12 na mshahara wa shilingi 12,000 kwa mwezi, ambapo kila nyumba inatakiwa kutoa 1,000. Nyumba mbili zikitoa 500 kila moja na ya tatu isitoe chochote, pengo ni 2,000, na wale tisa waliosalia wakilifidia, kila mmoja atalipa takriban 1,222. Mmoja wao akichoka na kujitoa, wanane hulazimika kulipa 1,375 kila mmoja, na kila ongezeko humsogeza mwingine karibu na mlango wa kutokea. Mchango wa namna hii hauvunjwi na maskini aliyeshindwa, kama inavyosemwa vikaoni, bali na mwenye uwezo anayepandishiwa malipo bila kuulizwa.

Njia iliyo imara zaidi ni kupanga ngazi kabla ya soja kuajiriwa, kwa kuzingatia uwezo pamoja na mali inayolindwa. Maduka matatu yenye bidhaa ndani yakitoa 1,600 kila moja, nyumba tano zenye mshahara wa kila mwezi zikitoa 1,000, tatu za wenye vibarua au boda boda zikitoa 600, na moja ya mjane ikitoa 400, jumla inatimia 12,000 kamili. Hata hivyo, ngazi huzaa tatizo lake, kwa maana anayelipa zaidi huelekea kumvuta soja kwake, na usiku wa mvua ataonekana ameegemea kibaraza cha duka hadi alfajiri, huku kichochoro cha nyuma kikibaki giza tupu. Kwa hiyo njia ya doria yafaa ikubaliwe pamoja na viwango, siyo baadaye.

Si kila anayechelewa ni fukara. Mwendesha boda boda anayeshindwa kutoa 600 mwisho wa mwezi huweza kutuma shilingi 20 kila jioni kwa M-Pesa bila kuumia, na Januari, mwezi wa karo, humbana hata mwalimu mwenye mshahara. Akiba inayotosha mwezi mmoja, ikijengwa polepole kabla ya Desemba, huziba ucheleweshaji wa aina hii, ingawa haitibu umaskini wa kudumu.

Kwa asiye na fedha kabisa, kuna nafasi ambayo sheria yenyewe inaifungua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na kanuni za mishahara huweka kikomo cha saa 60 za kawaida kwa wiki kwa kazi ya usiku, yaani usiku sita wa saa kumi kila mmoja. Soja anayekesha saa 12 kila usiku bila kupumzika hutimiza saa 84. Usiku wa saba unahitaji watu wengine, na ndipo nyumba isiyoweza kulipa inapoweza kutoa mtu wa kushika zamu, akiwa na mwenzake na naibu chifu akijua, jambo linalokaribiana na desturi ya ulinzi wa zamu katika vijiji vya Tanzania. Mjane asiyeweza kukesha anaweza kutoa chai na chakula cha usiku, mradi thamani yake isikatwe kwenye mshahara, ambao sheria hiyo inautaka ulipwe kwa fedha; shilingi 400 zake basi lazima zigawanywe upya kati ya wengine, kwa kauli yao.

Mkataba nao lazima uandikwe, kama inavyotakiwa kwa ajira ya miezi mitatu au zaidi, na utiwe saini na watu wawili au watatu kwa niaba ya mtaa, kwani soja mwenye waajiri 12 wasio na jina hana wa kumdai. Kuhusu daftari la michango, mkaguzi makini haanzi na orodha ya waliolipa. Huanza na tarehe ambayo soja alipokea mshahara wake wote, na tarehe hiyo ikisogea kutoka tano hadi tisa, kisha kumi na nne, pengo limeshahamia kwake hata kama hakuna aliyelalamika.