Pembe mara tatu kwa mstari mmoja

Mwanafunzi anayetaka cos 3θ kwa kawaida huigawa kuwa 2θ na θ, kisha huchosha mkono kwa kanuni za kujumlisha pembe. Mwaka 1748 Leonhard Euler alichapisha kitabu chenye njia fupi zaidi: e^(iθ) = cos θ + i sin θ, ambapo i² = −1.

Ukiipandisha e^(iθ) kwenye kipeo cha 3, unapata e^(i3θ), yaani cos 3θ + i sin 3θ. Upande wa pili, cos θ ikiitwa c na sin θ ikiitwa s, binomia inatoa:

(c + is)³ = c³ + 3ic²s − 3cs² − is³

Namba mbili changamano zikilingana, sehemu zake zisizo na i nazo hulingana. Kwa hiyo cos 3θ = c³ − 3cs². Weka 1 − c² mahali pa s², ipatikane 4c³ − 3c. Vipande vyenye i vinatoa sin 3θ bila kazi ya ziada, na huo ndio uzuri wake mkubwa.

Kosa la kawaida ni kusahau kuwa i² hugeuza alama, ukaandika c³ + 3cs². Kupima kwa 0° hakulifichui, kwa kuwa s ni sifuri. Pima kwa 60°: jibu sahihi ni −1, lakini fomula yenye kosa inatoa 1.25, na kosaini ya pembe haizidi 1 kamwe.

Kwa θ = 20°, fomula inakuwa 8c³ − 6c − 1 = 0. Kwa mlinganyo wa namna hii Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kuwa bikari na rula isiyo na vipimo haviwezi kugawa pembe ya 60° mara tatu sawa.