Kompyuta Ipime Maji Kila Baada ya Muda Gani?

Kompyuta inayoongoza mtambo haiutazami mtambo huo wakati wote. Husoma kipimo, hupiga hesabu, hutoa amri, kisha hungoja hadi zamu nyingine ya kusoma. Muda ulio baina ya usomaji mmoja na mwingine tutauita kipindi cha kupima, nao tutauandika kwa herufi T. Katika makala haya tutaonyesha kwamba kipindi kikichaguliwa vibaya, mtambo uliokuwa mtulivu waweza kuyumba hata ukaharibika, ijapokuwa hakuna chombo chochote kibovu.

Tuchukue mfano wa tangi la maji lenye upana wa mita 1 kila upande na kuta zenye kimo cha sentimita 70. Watumiaji huchota lita 10 kwa sekunde bila kubadilika, na tunataka maji yasimame kwenye kina cha sentimita 45. Kompyuta husoma kina kwa boya, kisha hugeuza vali ya maji yanayoingia kwa kanuni hii: kwa kila sentimita 1 ya upungufu, ongeza nusu lita kwa sekunde juu ya zile lita 10, kwa kila sentimita 1 ya ziada, punguza nusu lita. Kwa kuwa lita 1 huinua maji ya tangi hili kwa milimita 1, upungufu wa sentimita 1 huyafanya maji yapande kwa sentimita 0.05 kila sekunde. Namba hiyo tuiite K. Kinyume chake, yaani 1/K, ni sekunde 20, nazo ndizo kipimo cha wepesi wa mtambo wetu.

Kama vali ingefuata kina cha maji papo hapo, upungufu ungepungua polepole na kwisha bila kuyumba. Lakini kompyuta hutoa amri moja na kuishikilia kwa kipindi kizima, hata kama maji yamekwisha kupanda. Hesabu yake ni nyepesi:

```
e(k+1) = (1 - K*T) * e(k)
```

Hapa e ni upungufu, na k ni namba ya usomaji. Tuanze na upungufu wa sentimita 10. Tukisoma kila sekunde 5, K mara T ni 0.25, na upungufu utakuwa 10, kisha 7.5, kisha 5.6, ukiendelea kupungua. Tukisoma kila sekunde 20, utakwisha kwa hatua moja. Tukisoma kila sekunde 40, sentimita 10 za upungufu zitageuka kuwa sentimita 10 za ziada, kisha upungufu tena, bila mwisho. Tukisoma kila sekunde 50, upungufu wa 10 utazaa ziada ya 15, nayo itazaa upungufu wa 22.5. Katika kipindi kitakachofuata maji yangepaswa kufika sentimita 78 na zaidi; lakini ukuta ni sentimita 70, kwa hiyo yatamwagika. Mpaka wa uthabiti, basi, ni K mara T kuwa chini ya 2.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba amri hutolewa mara tu baada ya kusoma. Tuseme sasa kwamba amri huchelewa kwa kipindi kimoja kizima, hata vali ikatumia kipimo cha zamu iliyopita. Turudie kipindi cha sekunde 20, kilichoonekana kuwa bora kuliko vyote. Upungufu sasa utafuatana hivi: 10, 10, 0, -10, -10, 0, 10, 10, na kuendelea, alama ya kutoa ikionyesha ziada. Maji yatapanda na kushuka kila dakika 2 pasipo kutulia. Kuchelewa huko kumeushusha mpaka kutoka 2 hadi 1. Lakini kwa kipindi cha sekunde 5, hata pamoja na kuchelewa kwa zamu moja, tunapata 10, 10, 7.5, 5, 3.1, 1.9, maji yanatulia vizuri. Yatupasa kukumbuka kwamba hata amri inayotolewa papo hapo huzeeka ikingali inashikiliwa, na kwa wastani umri wake ni nusu ya kipindi.

Je, sekunde 5 zatosha? Lipo jambo la pili. Maji yanayoingia kwa kasi hutikisa uso wa tangi. Katika tangi lenye upana wa mita 1 na kina cha sentimita 45, wimbi linalokwenda na kurudi ukutani huchukua takriban sekunde 1.2. Tuseme wimbi hilo huliinua na kulishusha boya kwa sentimita 2. Katika sekunde 5 wimbi hukamilisha mizunguko 4 na sehemu moja ya sita. Kompyuta haioni ile mizunguko 4. Huona sehemu ya sita tu. Kwa hiyo itasoma 2, 1, -1, -2, -1, 1, kisha 2 tena, na kuamini kwamba maji yanapanda na kushuka polepole kila sekunde 30. Hilo ni wimbi la bandia. Ndivyo pia gurudumu la gari katika sinema linavyoonekana kuzunguka kinyumenyume, maana kamera huchukua picha 24 tu kwa sekunde.

Vali italikimbiza wimbi hilo la bandia, na kina halisi kitaanza kuyumba kwa zaidi kidogo ya nusu sentimita kila upande. Hakuna hesabu itakayolitenga baada ya kusomwa, kwa kuwa namba zake hazitofautiani na zile za wimbi la kweli la sekunde 30. Kanuni iliyotokana na kazi za Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 yasema kwamba lazima tusome zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wa wimbi. Hapa, kipindi kiwe chini ya sekunde 0.6.

Fundi atalitambuaje wimbi la bandia? Aiache vali mahali pamoja, kisha abadili kipindi. Akisoma kila sekunde 4, wimbi la sekunde 30 litageuka kuwa la sekunde 12. Mwendo wa kweli wa maji haubadiliki kwa sababu ya saa ya kompyuta.

Tiba ya kwanza ni kuliweka boya ndani ya bomba lililosimama, lenye tundu dogo chini, kama ilivyo desturi katika vipimio vya maji kujaa na kupwa baharini. Tundu likiwa la kiasi cha kulichelewesha boya kwa sekunde 2 hivi, wimbi la sentimita 2 hubaki kama milimita 2. Lakini tiba hiyo nayo huongeza kuchelewa, na kuchelewa ndiko kulikotuyumbisha hapo kwanza. Tiba ya pili ni kusoma kila sekunde 0.1 na kutafuta wastani wa vipimo 12, ambavyo ni mzunguko mmoja kamili wa wimbi. Wastani huo hulifuta wimbi, na huchelewesha kwa kama sekunde 0.6 tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kipindi, jumlisha nusu ya kipindi, muda wa hesabu, na muda wa kichujio. Kwa kazi kama hii, jumla hiyo isizidi robo ya 1/K, yaani sekunde 5. Kipindi cha sekunde 5 chenye bomba la sekunde 2 na hesabu ya haraka hutoa sekunde 4.5, nacho kinafaa. Anayetaka kuongeza K maradufu ili maji yatulie upesi zaidi atakuta kwamba robo hiyo imebaki sekunde 2.5, na bomba peke yake limekwisha kula sekunde 2. Hapo ndipo tiba ya pili inapohitajika.