Andiko la Redio kwa Wiki ya Kura

Redioni hakuna pa kubofya. Mtangazaji akisema tu "ingieni kwenye tovuti ya tume", msikilizaji atafungua ukurasa wowote wenye nembo ya IEBC, na nembo huigwa kwa dakika moja. Kwa hiyo andiko la wiki ya uchaguzi nchini Kenya lianze na anwani, isomwe polepole, mara mbili:

"I, E, B, C, nukta, O, R, nukta, K, E. Tazama mwisho wa anwani, kabla ya mkwaju wa kwanza. Mwisho usipokuwa huo, funga ukurasa."

Mwaka 2022 fomu za kura ya urais ziliwekwa kwenye forms.iebc.or.ke. Mbele kuliongezwa neno, mkia ukabaki uleule. Wapo wanaosubiri kuona go.ke ndipo waamini, lakini tume hii hutumia or.ke.

Ukishaingia, tafuta Fomu 34A ya kituo chako. Unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo, na picha ya karatasi iliyojazwa na msimamizi inafunguka. Tuseme kuna ujumbe unaozunguka kwamba mgombea fulani alipata kura 812 katika shule yenu. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa, ila shule moja huweza kuwa na vituo kadhaa, kila kimoja na fomu yake. Zifungue zote. Ukikuta 290, 305 na 217, jumla ni 812 na ujumbe ni wa kweli. Lakini ujumbe ukitaja kituo kimoja tu, hesabu hiyo haiwezekani.

Nakala ya fomu hubandikwa pia kwenye mlango wa kituo. Kwa asiye na intaneti, hiyo ndiyo tovuti yake.

Kuna jambo lililowachanganya wengi mwaka huo. Tume ilipandisha fomu 46,000 na ushei, lakini haikutoa jumla ya papo hapo. Kila chombo cha habari kikajumlisha chenyewe, kikianza na fomu ilizozifikia kwanza. Jioni moja runinga mbili zikaonyesha viongozi tofauti, watu wakapiga kelele za wizi, ilhali fomu zilikuwa zilezile. Mtangazaji aliseme hili kabla ya siku ya kura, si baada ya zogo kuanza:

"Takwimu za runinga ni hesabu ya njiani. Mshindi wa urais hutangazwa na mwenyekiti wa tume kwa Fomu 34C, ndani ya siku 7."

Mwaka 2022 kura ilipigwa Agosti 9, tangazo likaja Agosti 15. Kurasa zilizomtaja "rais mteule" kabla ya hapo zilikuwa zikibahatisha.

Na ukikuta fomu ya mtandaoni hailingani na ile ya mlangoni, piga picha zote mbili umpelekee wakala wa chama au mwangalizi wa uchaguzi. Usianze na kundi la WhatsApp la familia.