SHERIA MBILI ZA NAMBA KUBWA: DHAIFU NA YENYE NGUVU

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza somo la uwezekano hufundishwa kwamba sarafu isiyo na kasoro, ikirushwa mara nyingi, huonyesha kichwa kwa kiasi kinachokaribia nusu. Kurasa chache baadaye huambiwa kwamba kuna sheria mbili zinazosema hivyo, moja dhaifu na nyingine yenye nguvu. Anapozisoma hukuta maneno yaleyale: wastani, uwezekano, kikomo. Ndipo hujiuliza kama kweli ni mbili.

Ni mbili. Sheria dhaifu, kwa upande wa sarafu na majaribio ya namna hiyo, ilithibitishwa na Jacob Bernoulli katika kitabu kilichochapwa mwaka 1713, miaka 8 baada ya kifo chake. Sheria yenye nguvu ilisubiri hadi mwaka 1909, Émile Borel alipoieleza kwa upande wa sarafu. Yafaa kukumbuka kwamba «namba kubwa» hapa si ukubwa wa matokeo, bali ni wingi wa majaribio. Kinachozitenga sheria hizi si msamiati wake, bali ni mpangilio wa maneno: je, ukurasa hutajwa kabla ya uwezekano, au baada yake?

1. Namna mbili za kusoma daftari

Tuchukulie kwamba wachezaji wengi mno wanarusha sarafu, kila mmoja akiwa na daftari lake. Katika ukurasa wa n kila mchezaji huandika wastani M_n wa matokeo yake tangu mwanzo. Uwezekano wa tukio fulani basi ni sehemu ya madaftari ambamo tukio hilo hupatikana. Tuseme pia kwamba ukurasa «umekosea» ikiwa wastani wake umeachana na thamani m inayotazamiwa kwa zaidi ya kiasi kidogo ε kilichochaguliwa.

Sheria dhaifu huchagua ukurasa kwanza. Madaftari yote hufunguliwa kwenye ukurasa huohuo wa n, na yaliyokosea hapo huhesabiwa. Sheria husema kwamba sehemu yake hupungua kuelekea sifuri kadiri n inavyoongezeka:

P(|M_n − m| > ε) → 0

Huu ndio mkaribio kwa uwezekano. Haufuatilii daftari lolote kutoka ukurasa hadi ukurasa. Waliokosea kwenye ukurasa wa 1 000 wanaweza kuwa watu wengine kabisa na waliokosea kwenye ukurasa wa 2 000.

Sheria yenye nguvu huchagua daftari kwanza, kisha hulisoma lote hadi mwisho usio na mwisho. Husema kwamba, isipokuwa katika madaftari ambayo kwa jumla uwezekano wake ni sifuri, kila daftari lina ukurasa ambao baada yake halikosei tena kamwe:

P(M_n → m) = 1

Huu ndio mkaribio wa takribani yakini. Sheria hii huzaa ile dhaifu, kwa sababu daftari lisilokosea tena baada ya ukurasa fulani haliwezi kuhesabiwa miongoni mwa waliokosea huko mbele. Kinyume chake si kweli, na mfano ufuatao waonyesha hivyo.

2. Mchezo ambamo sheria moja tu husimama

Katika mchezo huu majaribio hayategemeani, lakini hayafanani. Jaribio la kwanza halileti kitu. Kuanzia la pili, jaribio la n huleta faida ya faranga n kwa uwezekano 1/(2n ln n), au hasara ya faranga n kwa uwezekano uleule. Vinginevyo huleta sifuri. Alama ln ni logi asilia. Thamani inayotazamiwa ni sifuri kila mara.

Ruko, yaani matokeo yasiyo sifuri, ni adimu. Kwenye jaribio la 10 000 uwezekano wake ni 1 kwa takriban 92 000. Lakini likitokea, huusogeza wastani kwa faranga 1 nzima, kwa kuwa faranga n hugawanywa kwa n. Kisha athari yake hufifia polepole: majaribio yakifika mara mbili ya hapo, hubaki nusu ya faranga.

Tusome kwanza kwa njia dhaifu. Ili wastani uwe umeachana na sifuri kwa zaidi ya nusu ya faranga kwenye ukurasa wa n, kwa kawaida ni lazima ruko liwe limetokea kati ya ukurasa wa n/2 na wa n. Kwenye ukurasa wa 10 000 uwezekano huo ni takriban 8 kwa 100. Kwenye ukurasa wa 100 000 000 ni takriban 4 kwa 100. Hupungua taratibu, lakini hupungua hadi sifuri: wastani wa mraba wa M_n hauzidi 1/ln n. Sheria dhaifu imesimama.

Sasa tufuate daftari moja. Uwezekano wa kutoona ruko lolote kati ya ukurasa wa n na ule wa n² ni karibu nusu, hata n ikiwa kubwa kiasi gani. Ni nusu kati ya 100 na 10 000, ni nusu tena kati ya 10 000 na 100 000 000, na kadhalika. Kupita vipindi kumi vya namna hiyo bila ruko ni bahati ya 1 kwa 1 024, na vipindi havina mwisho. Kwa hiyo takribani kila daftari lina maruko yasiyo na idadi. Na kila ruko lipo, ama ukurasa ulio kabla yake au ukurasa wake wenyewe una wastani ulioachana na sifuri kwa nusu ya faranga au zaidi. Hakuna daftari linalotulia. Sheria yenye nguvu imeanguka.

3. Kwa nini sarafu hutii zote mbili

Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuona kwamba uwezekano wa kukosea kwenye ukurasa mmoja waelekea sifuri, kisha kutamka kwamba daftari lake litatulia. Mchezo uliotangulia wakanusha hoja hiyo. Kinachohitajika ni kujumlisha uwezekano wa makosa ya kurasa zote zijazo: jumla hiyo ikiwa na kikomo, makosa hukoma.

Kwa sarafu, tuchague ε = 0,05. Kanuni ya Tchebychev huonyesha kwamba uwezekano wa ukurasa wa n kukosea hauzidi 100/n. Hiyo yatosha kwa sheria dhaifu, lakini jumla ya vipande vya namna hiyo haina kikomo, hivyo haitoshi kwa nyingine. Ukitumiwa mpeo wa nne badala ya mraba, hupatikana kiasi kisichozidi 30 000/n², ambacho jumla yake ina kikomo. Kuanzia ukurasa wa 1 000 000 na kuendelea, uwezekano wa kosa hata moja tu hauzidi takriban 3 kwa 100.

Kolmogorov aliongeza kwamba, majaribio yasipotegemeana na yakiwa ya namna moja, sheria yenye nguvu husimama endapo tu thamani inayotazamiwa ipo na ina kikomo. Ndiyo maana katika mifano ya darasani tofauti hujificha.

4. Hitimisho

Anayetaka kujua ni sheria ipi iliyo mbele yake aulize swali moja: kilichowekwa kwanza ni ukurasa, au ni daftari? Sheria dhaifu huahidi kwamba wachezaji waliokosea siku fulani ya mbali watakuwa wachache. Sheria yenye nguvu humwahidi mchezaji mmoja kwamba siku yake ya mwisho ya kukosea ipo.