Bembelezi na Mtoto Aliyeanza Kusema

Katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi, nyimbo za kumlaza mtoto huitwa bembelezi, na baadhi ya waandishi huziita pembejezi au bembea. Majina haya yanatukumbusha mambo mawili. Kubembea ni kwenda huku na huku. Kubembeleza ni kumtuliza mtu kwa maneno laini mpaka akubali. Wimbo wa kumlaza mtoto hufanya kazi zote mbili. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba kazi hizi hazina uzito sawa katika kila umri, na kwamba kwa mtoto wa miaka miwili, ambaye tayari anaelewa lugha, maneno ya wimbo yanaweza kumlaza au kumwamsha.

Tuanze na mtoto mchanga. Mwaka 2021 Constance Bainbridge, Samuel Mehr na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani. Watoto wachanga walisikilizishwa nyimbo wasizozijua, katika lugha ngeni kwao. Mapigo ya mioyo yao yalipungua zaidi waliposikia bembelezi kuliko waliposikia nyimbo za aina nyingine. Basi kwa mchanga, sauti peke yake inatosha. Maneno ni ya mwimbaji. Ndiyo maana bembelezi nyingi hubeba malalamiko ya mama au ya yaya, na mtoto asidhurike kwa kuyasikia.

Mtoto wa miaka miwili ni mwingine. Yeye hulala huku akisikiliza. Mwaka mmoja nilikabidhiwa mjukuu wangu wa umri huo, mama yake akiwa safarini. Usiku ule aligaagaa, akatupa shuka, akadai maji mara tatu. Nikamwimbia wimbo niliouunga papo hapo, nikimwahidi kwamba mama angemletea embe. Macho yalikuwa yameanza kufumba. Aliposikia neno embe aliketi, akaniuliza, "Babu, embe liko wapi?" Ilinibidi nianze upya, na usingizi ulichelewa sana.

Kosa langu halikuwa la sauti. Lilikuwa la sarufi. Kiambishi cha wakati ujao, -ta-, hufungua jambo ambalo bado halijatokea, na mtoto hubaki akilingoja. Swali hufungua zaidi, kwa kuwa hudai jibu. Kitisho cha fisi au zimwi, ambacho hupatikana katika baadhi ya bembelezi, humtaka mtoto awe macho, maana anayeogopa hulinda. Kinyume chake, kiambishi -me- hueleza jambo lililokwisha kutimia na hali yake ingalipo. Hakuna la kungoja wala la kujibu.

Usiku uliofuata nilitunga mistari mitatu, ambayo naitoa hapa kwa ajili ya uchambuzi tu:

Jua limezama,
kuku wamelala,
nawe pumzika.

Kila mstari una mizani sita, tukikumbuka kwamba m katika pumzika ni silabi kamili: pu-m-zi-ka. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani hapa mizani ya tano: za, la, zi. Mwishoni mwa kirai silabi hiyo hurefuka kidogo hata katika usemi wa kawaida. Mwimbaji hana haja ya kulilazimisha neno lifuate wimbo. Huirefusha zaidi silabi ambayo lugha yenyewe imekwisha kuirefusha, na papo hapo huupapasa mgongo wa mtoto mara moja. Kwa hiyo papaso moja huja kwa kila mstari. Papaso likiangukia silabi nyingine, mkono na sauti huvutana, na mtoto husisimka badala ya kutulia.

Jambo la pili ni miisho. Silabi za maneno haya, isipokuwa ile m ya pumzika, huishia kwa irabu, na kila mstari huishia kwa a. Irabu inaweza kuvutwa na kupunguzwa sauti mpaka ikaribie kimya. Konsonanti kama l, m, n na w hupitisha sauti bila kuikata. K, p na ch huikata kwa kitambo. Neno kuku, lenye k mbili, ndilo gumu kuliko yote katika mistari ile, na ndilo lililonipasa kuliondoa mapema.

Hapa tunafikia kiini cha hoja yangu. Bembelezi ya mtoto huyu haina budi kupungua habari kadiri usingizi unavyokaribia. Niliimba mistari yote mitatu mara kadhaa, bila kubadili neno, kwa sababu neno jipya ni habari mpya. Mtoto alipoacha kugeuka, niliondoa mstari wa kuku. Macho yalipofumba, nilibakiza nawe pumzika. Kisha neno moja, pumzika. Kisha irabu yake ya mwisho. Mwishowe mdomo ukafungwa, ikabaki m ya puani tu, ikifuata pumzi zake. Mkono uliendelea baada ya sauti kukoma, nao ukapunguza uzito kidogo kidogo kabla ya kuondoka.

Dalili za kufuata zi wazi. Kiganja kilichokunjwa hufunguka, pumzi hurefuka na kuwa za mwendo mmoja, na mkono wa mtoto ukiinuliwa kidogo huanguka bila ukinzani. Akifumbua macho mara sauti inapokatika, mwimbaji amepunguza upesi mno; arudi hatua moja, asirudi mwanzo. Akianza kuimba pamoja nawe kwa furaha, wimbo umegeuka mchezo: punguza mwendo mpaka ashindwe kuufuata.

Kutokana na hayo tunaweza kueleza lalamiko ambalo nimelisikia kwa wazazi wengi vijana, kwamba wimbo uliorekodiwa katika simu haumlazi mtoto ingawa sauti yake ni nzuri. Rekodi haimwoni mtoto. Humwimbia aliye macho na aliyesinzia kwa maneno yale yale, na inapokwisha huanza wimbo mwingine, yaani habari mpya, wakati ambapo mtoto alihitaji habari kidogo kabisa. Bibi asiye na sauti nzuri humshinda mwimbaji wa rekodi kwa sababu anajua neno la kuliacha.

Nisieleweke vibaya. Wimbo hauondoi njaa, joto wala maumivu. Mtoto anayetulia akibebwa wima, kisha akalia kila anapolazwa na kujishika sikio, huenda sikio linamuuma, naye apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Kwa wanafunzi wa isimu na fasihi nina ombi moja. Makusanyo yetu ya bembelezi kwa kawaida hutupa maneno ya wimbo mzima, kana kwamba huimbwa mara moja na kwisha. Mnapokwenda nyanjani, msizime kinasa sauti wimbo unapoonekana kuwa umekwisha. Andikeni ni mstari upi ulioachwa kwanza, ni neno lipi lililobaki, na mtoto alikuwa akifanya nini wakati huo. Wazee wanaojua mpangilio huo hawaufundishi kwa maelezo, wanaufanya. Wakiondoka bila kusikilizwa hadi mwisho, tutabaki na maneno ya bembelezi, tusijue zilivyomlaza mtoto.